1×3, BD, 5/7: Kusoma Cheti cha Dawa Kabla ya Kumeza

Mstari mmoja wa cheti cha dawa ni sentensi nzima iliyobanwa. Daktari anapoandika

Caps Amoxicillin 500 mg 1 TDS PO 5/7

anamwambia mtoa dawa hivi: mpe mgonjwa huyu kapsuli za amoksisilini, kila kapsuli iwe na miligramu 500, ameze moja kila mara, mara tatu kwa siku, kwa mdomo, kwa siku tano. Maelezo hayo yamejipanga katika vipande saba: umbo la dawa, jina lake, nguvu yake, kiasi cha kila mara, idadi ya mara kwa siku, njia ya kuitumia, na muda wa kuitumia. Mgonjwa anayevijua vipande hivyo saba hahitaji kukariri orodha ndefu ya vifupisho. Anachohitaji ni kutambua kipande kipi hakijaeleweka, kisha akiulizie hichohicho.

Nimekaa upande wa ndani wa dirisha la dawa kwa muda wa kutosha kujua kwamba kifupisho kigeni kabisa si ndicho chenye hatari kubwa. Kifupisho kigeni humlazimisha mtu kuuliza. Hatari ni kile ambacho mtu anadhani anakijua, kumbe kina maana mbili.

Vifupisho vya kila siku

Vingi vya vifupisho hivi vinatokana na Kilatini, nasi tuliupokea utaratibu huu kutoka kwa Waingereza. Katika hospitali nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda utakutana zaidi na hivi:

OD: mara moja kwa siku
BD au BID: mara mbili kwa siku
TDS au TID: mara tatu kwa siku
QID au QDS: mara nne kwa siku
Mane: asubuhi
Nocte: usiku
Stat: sasa hivi, bila kungoja
PRN: pale tu inapohitajika
AC: kabla ya chakula
PC: baada ya chakula
PO: kwa mdomo

Mbele ya jina la dawa huandikwa umbo lake: Tab ni kidonge, Caps ni kapsuli, Syr au Susp ni dawa ya maji, Inj ni sindano, na Gutt ni matone. Kwa sindano huongezwa IM, yaani ndani ya msuli, au IV, yaani ndani ya mshipa. PR ni dawa inayowekwa njia ya haja kubwa, na PV ni ile inayowekwa ukeni. Kwa kipande hiki cha njia tusioneane haya. Kidonge kikubwa chenye umbo la yai kinachoandikiwa PV kimewahi kumezwa na wengi, kwa sababu mtoa dawa aliona soni kueleza na mgonjwa akaona soni kuuliza.

Muda wa dawa huandikwa kama sehemu ya hesabu. Namba ya chini inaonyesha kipimo: 7 ni siku, kwa kuwa wiki ina siku saba, 52 ni wiki, kwa kuwa mwaka una wiki 52, na 12 ni miezi. Kwa hiyo 5/7 ni siku tano, 2/52 ni wiki mbili, na 1/12 ni mwezi mmoja. Wapo wanaoisoma 5/7 kuwa tarehe tano mwezi wa saba, wakadhani ni siku ya kurudi kliniki. Kama kweli daktari anataka urudi, mara nyingi ataandika maneno mengine kando. Kenya, kwa mfano, huandikwa TCA 2/52, maana yake uje tena baada ya wiki mbili.

Mwisho kuna ule mtindo wa bahasha ya dawa: 1×3, 2×2, 1×1. Namba ya kwanza ni kiasi cha kila mara, ya pili ni idadi ya mara kwa siku. Kwa hiyo 2×3 ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku, jumla sita kwa siku.

Mfano: cheti cha jino

Tuseme mama mmoja amekwenda kwa daktari wa meno, shavu limevimba na lina usaha. Hana mzio wa dawa yoyote. Anatoka na cheti chenye mistari mitatu:

1. Caps Amoxicillin 500 mg 1 TDS 5/7
2. Tab Metronidazole 400 mg TDS 5/7
3. Tab PCM 1 g TDS PRN 3/7

Anakwenda famasi, anapewa bahasha tatu. Ya kwanza ina kapsuli 15, imeandikwa 1×3. Ya pili ina vidonge 15, imeandikwa 1×3. Ya tatu ina vidonge 10, imeandikwa 2×3. Kabla hajameza chochote, anakaa mezani na cheti chake na kufanya hesabu mbili.

Hesabu ya kwanza ni ya vidonge: kiasi cha kila mara, zidisha kwa idadi ya mara kwa siku, zidisha kwa siku. Amoksisilini ni 1 × 3 × 5, sawa na 15. Kapsuli zipo 15, na karatasi ya dawa imechapwa 500 mg. Mstari wa kwanza umekamilika.

Metronidazoli nayo ni 1 × 3 × 5, sawa na 15, na vidonge vipo 15. Angeishia hapo angeona mambo yako sawa. Lakini hesabu ya pili ni ya nguvu ya dawa. Anageuza karatasi ya vidonge na kuona imechapwa 200 mg, ilhali cheti kinasema 400 mg. Kidonge kimoja cha 200 mg ni nusu ya kile alichoandikiwa. Ili apate miligramu 400 kwa vidonge hivi anahitaji kumeza viwili kila mara, yaani 2×3, na kwa siku tano angepaswa kupewa vidonge 30. Dawa hii ipo madukani kwa nguvu zote mbili, na ni rahisi mtoa dawa kuchukua boksi la 200 huku mkono ukiandika maelekezo ya 400.

Hapa mama huyu hajiongezei dozi mwenyewe. Anarudi famasi na bahasha pamoja na cheti, anasema: "Cheti kinasema miligramu 400, vidonge hivi vimechapwa 200, na bahasha inasema kimoja. Naomba mnihakikishie." Yawezekana ni kosa. Yawezekana pia mtoa dawa alizungumza na daktari, wakakubaliana jambo jingine ambalo mgonjwa hakuelezwa. Majibu yote mawili anayo mtu wa famasi. Mgonjwa ana kazi ya kuona tu kwamba namba mbili hazipatani.

Mstari wa tatu una funzo lake. PCM ni parasetamoli, na 1 g ni gramu moja, yaani miligramu 1,000. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500, kwa hiyo ni viwili kila mara. Hesabu inatoa 2 × 3 × 3, sawa na 18, naye amepewa 10. Lakini mstari huu una PRN. Dawa ya PRN si lazima iishe. Humezwa maumivu yakiwepo na huachwa yakitulia, kwa hiyo kupewa pungufu si lazima iwe kosa. Kitu ambacho PRN haikisemi ni mpaka. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida hapaswi kupita gramu nne za parasetamoli kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na kati ya dozi na dozi zipite angalau saa nne. Daktari akiandika TDS PRN, ameweka mpaka wa chini zaidi: mara tatu, basi. Mpaka huo unajumuisha parasetamoli iliyomo ndani ya dawa nyingine pia, kwani dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Soma viambato kwenye boksi kabla ya kuchanganya.

Na kwa sababu mstari wa pili ni metronidazoli, kuna onyo ambalo halimo kabisa kwenye vifupisho: asiguse pombe anapoitumia na kwa saa 48 baada ya dozi ya mwisho. Hilo hupatikana kwa kumuuliza mtoa dawa, au kwenye kikaratasi kilichomo ndani ya boksi.

Kifupisho kimoja, maana mbili

Chukua OD. Kwenye mstari wa vidonge, hapa kwetu, OD ni mara moja kwa siku. Kwenye cheti cha macho, OD ni jicho la kulia, OS ni jicho la kushoto, na OU ni macho yote mawili. Sasa soma mstari huu: Gutt Chloramphenicol 0.5% 1 QID OD. Hapa mambo ni mepesi, kwani QID imeshataja mara nne, hivyo OD haiwezi kuwa mara moja. Ni jicho la kulia. Lakini ukikuta Gutt na OD peke yake, cheti chenyewe hakiwezi kukujibu kama ni jicho la kulia au ni mara moja kwa siku. Ukiitafuta mtandaoni utapewa maana zote mbili, na ya tatu juu yake: OD kama kifupi cha kuzidisha dozi. Orodha ya vifupisho inakusaidia kujua swali la kuuliza. Aliyeandika ndiye anayejua alimaanisha ipi.

Marekani mara moja kwa siku iliandikwa QD, na siku moja kwa kuruka moja iliandikwa QOD. Nukta iliyokaa vibaya baada ya Q iliweza kuigeuza QD ikasomwa QID, yaani mara nne badala ya mara moja. Mwaka 2004 Joint Commission, chombo kinachokagua hospitali za huko, kilitoa orodha ya vifupisho visivyopaswa kuandikwa kabisa, na hivyo viwili vimo. Ukiletewa cheti na ndugu aliyetibiwa huko miaka ya nyuma, usikisome kwa mazoea ya hapa.

Vivyo hivyo kwa cheti cha India, ambako Watanzania na Wakenya wengi hufuata matibabu. Huko madaktari wengi huandika 1-0-1. Hizo ni nafasi tatu za siku: asubuhi, mchana, usiku. Kwa hiyo 1-0-1 ni kimoja asubuhi, mchana hakuna, kimoja usiku. 0-0-1 ni usiku tu. Huko pia SOS inafanya kazi ya PRN, na HS ni wakati wa kulala. Kwa wagonjwa wa Kigoma na Kagera wanaovuka mpaka kutoka Burundi au Kongo na karatasi za mfumo wa Kifaransa, mpangilio wa namba unaweza kugeuka: 3×1/j humaanisha mara tatu, kimoja kila mara, ambapo j inasimama badala ya siku. Kwa macho ya mtoa dawa wa Dar es Salaam, 3×1 ni vidonge vitatu kwa mkupuo mmoja. Jumla ya siku haibadiliki, ila kumeza vitatu pamoja si sawa na kuvigawa asubuhi, mchana na usiku.

Kifupisho kingine cha kuogopa ni kile cha jina la dawa. ALu ni artemeta na lumefantrini, dawa mseto ya malaria, na karibu kila mhudumu Tanzania anaijua. Lakini CTX kwenye kliniki ya VVU ni kotrimoksazoli, vidonge vya kuzuia magonjwa nyemelezi, na mahali pengine CTX ni sefotaksimu, dawa ya sindano ya jamii nyingine kabisa. Usikubali bahasha yenye herufi tatu pekee. Omba jina liandikwe lote, pamoja na nguvu yake.

Saa za dawa

Waswahili tuna mtego wetu wenyewe katika kipande cha mara ngapi. Cheti kikisema 8 hrly, mtoa dawa huandika kwenye bahasha "kila saa 8". Yeye anamaanisha baada ya kila saa nane kupita. Mgonjwa anaweza kuelewa saa nane mchana ya kila siku, akameza mara moja badala ya mara tatu. Mtoa dawa akitaja saa, mwombe aseme asubuhi, mchana au usiku, na kama ni saa ya Kiswahili. Amoksisilini ya TDS inakaa vizuri kwa saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Hapo kuna saa nane kati ya dozi na dozi. Anayemeza asubuhi, mchana na magharibi huiacha damu yake na dawa kidogo usiku kucha.

Dawa mseto ya ALu inaonyesha jinsi kifupisho kinavyoficha kitu. Kwa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 35 na zaidi, cheti huweza kusema ALu 4 BD 3/7. Hesabu ni 4 × 2 × 3, vidonge 24, na boksi la mtu mzima lina vidonge 24 hasa. Lakini BD hapa haitoshi. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, na kuanzia siku ya pili ratiba inakuwa kila baada ya saa 12. Aliyeanza saa 4 asubuhi atameza tena saa 12 jioni siku hiyohiyo. Kesho yake saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kesho kutwa saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila dozi iende na chakula au kinywaji chenye mafuta, kama maziwa, kwa sababu lumefantrini haifyonzwi vizuri tumbo likiwa tupu. BD haikukuambia lolote kati ya hayo.

Miligramu si mililita

Kwa watoto, kosa hukaa kwenye kipande cha nguvu. Mg ni uzito wa dawa yenyewe, ml ni ujazo wa maji yaliyoibeba. Dawa hiyohiyo huja kwenye chupa zenye ukolezi tofauti.

Tuseme mtoto wa kilo 12 ameandikiwa Syr PCM 180 mg TDS PRN. Chupa iliyopo imechapwa 120 mg/5 ml, yaani kila mililita tano zina miligramu 120. Gawanya miligramu zinazotakiwa kwa zile zilizomo kwenye mililita tano, kisha zidisha kwa tano: 180 ÷ 120 × 5, sawa na mililita 7.5. Mzazi akazoea mililita 7.5. Mwezi unaofuata homa inarudi, baba ananunua chupa nyingine yenye jina lilelile, ila imechapwa 250 mg/5 ml. Akimpa mtoto mililita 7.5 za chupa hii, amempa miligramu 375, zaidi ya mara mbili ya alichoandikiwa. Kwa chupa hiyo kiasi sahihi ni mililita 3.6.

Kwa hiyo usikariri mililita. Kariri miligramu alizoandikiwa mtoto na uzito wake siku hiyo, kisha mwombe mtoa dawa akupigie hesabu kwa chupa iliyoko mkononi na aweke alama kwenye kikombe cha kupimia au kwenye bomba la sindano lisilo na sindano. Kijiko cha chai cha nyumbani si kipimo, maana hakuna viwili vinavyolingana.

Nukta nayo iangaliwe. Nusu miligramu ikiandikwa .5 mg bila sifuri mbele, nukta ikafifia, inasomwa 5 mg, mara kumi zaidi. Miligramu tano ikiandikwa 5.0 inaweza kusomwa 50. Kwenye insulini, herufi U inayosimama badala ya yuniti inafanana na sifuri, hivyo 10U imewahi kusomwa 100. Ukiona nukta au U ya mashaka, omba kiasi kiandikwe kwa maneno: "yuniti kumi".

Utaratibu wa kuhakiki

Uhakiki mzuri una vituo vitatu, na cha kwanza ni chumba cha daktari. Kabla hujainuka, mwambie: "Daktari, naomba unisomee mstari kwa mstari, dawa hii ni ya nini, kiasi gani, mara ngapi, kwa siku ngapi." Kisha mrudie kwa maneno yako. Mtajie mzio wako, mimba kama ipo, na dawa nyingine unazotumia. Piga picha ya cheti, kwa sababu famasi nyingine hubaki nacho.

Kituo cha pili ni dirisha la dawa. Mtu wa kumuuliza ni mfamasia, fundi dawa sanifu, au mtoa dawa aliyefunzwa wa duka la dawa muhimu. Jirani aliyewahi kutumia dawa kama hiyo hajui alichoandikiwa mwenzake. Fungua bahasha hapohapo. Linganisha vitu vitatu: cheti, chapa iliyo kwenye boksi au karatasi ya vidonge, na maandishi ya bahasha. Majina yakitofautiana, uliza kama ni dawa ileile yenye jina la kibiashara. Vidonge vikihesabiwa kutoka kwenye kopo, omba uonyeshwe lebo ya kopo, na jina na nguvu viandikwe kwenye bahasha, maana ukishafika nyumbani kidonge cheupe cha duara hakina cha kukitambulisha. Karatasi ya vidonge ikikatwa, hakikisha kipande chako kimebaki na jina na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Mtoa dawa akishindwa kuusoma mwandiko, jibu sahihi kutoka kwake ni "subiri nimpigie daktari", au "rudi kwake akaandike upya". Anayekuuliza "unaumwa nini?" kisha akabahatisha jina la dawa kutokana na jibu lako, chukua cheti chako uende pengine.

Kituo cha tatu ni nyumbani, kabla ya dozi ya kwanza. Andika kila mstari kwa Kiswahili kamili, kwa vile vipande saba, na ufanye hesabu ya vidonge na ya nguvu kama mama wa jino. Kipande chochote kilichobaki wazi, usikijaze kwa kukisia. Piga simu au rudi.

Kuna dawa ambazo usianze kamwe ukiwa na shaka hata ndogo: insulini, warfarini ya kuzuia damu kuganda, digoksini ya moyo, na methotreksati. Hii ya mwisho, inapotumika kwa ugonjwa wa viungo au wa ngozi, humezwa mara moja kwa wiki. Cheti kikiandikwa 1/7, mmoja atasoma "siku moja", mwingine "moja kila siku saba", na wa tatu atameza kila siku. Ikimezwa kila siku huharibu uboho unaotengeneza damu, na dalili huanza kwa vidonda mdomoni, michubuko na homa. Kwa dawa hii omba siku yenyewe itajwe kwa jina kwenye bahasha: "kila Jumatatu tu".

Kuhakiki kusigeuke kuwa kuacha dawa. Mgonjwa wa kifafa, wa pumu au wa kisukari hawezi kukaa siku mbili akingoja ufafanuzi. Kwake simu hupigwa saa hiyohiyo, na dawa aliyoizoea haikatizwi bila kauli ya mhudumu. Na kama umeshameza kiasi kisicho sahihi, usijitapishe. Nenda kituo cha afya na boksi, cheti na bahasha, useme umemeza nini, kiasi gani na saa ngapi. Usisubiri ujisikie vibaya kwanza: aliyezidisha parasetamoli anaweza kuwa mzima siku nzima ya kwanza huku ini likiumia, na dawa ya kuzuia madhara hayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema.

Ukipiga simu, sema mambo manne kwa mpangilio huu: jina la dawa kama lilivyochapwa kwenye boksi, nguvu yake, maandishi ya cheti herufi kwa herufi, na maandishi ya bahasha. "Tab Metronidazole, boksi lina 200, cheti kina 400 TDS 5/7, bahasha ina 1×3." Mtu wa dawa akisikia hivyo, anajua ndani ya sekunde chache kosa liko kwenye kipande kipi. Akishakujibu, andika jibu lake juu ya bahasha kwa kalamu, na ufute ile namba ya zamani, ili mwenzako wa nyumbani atakayekupa dozi ya usiku asisome maelekezo mawili.